Barua Moja, Kazi Moja

Tuchukue mfano wa duka dogo la Moshi linalouza kahawa mtandaoni. Mtu akiacha anwani yake ili apate punguzo la asilimia 10, barua pepe ya kwanza inamfikia na shehena nzima: historia ya shamba, picha za kahawa sita, ombi la kufuata ukurasa wa Instagramu, dodoso. Namba ya punguzo iko chini kabisa, baada ya babu aliyepanda mche wa kwanza. Mteja alifuata punguzo, babu angesubiri.

Kabla ya kuandika barua yoyote, maliza sentensi hii: “Akishasoma, mteja ata…” Ukijikuta unaongeza “na pia”, hizo ni barua mbili.

Kwa duka letu, ya kwanza itoke papo hapo mtu anapojisajili, ianze na namba ya punguzo, iwe na kitufe kimoja cha kwenda dukani. Basi.

Ya pili, baada ya siku mbili, imsaidie kuchagua, na hapa ndipo wauzaji wengi hukwama. Wanaorodhesha kahawa zote sita, ilhali mgeni hajui tofauti ya iliyokaangwa kidogo na iliyokaangwa sana, kwa hiyo anaahirisha. Mpendekezee pakiti moja ya gramu 250, iliyokwisha kusagwa, umweleze inamfaa nani, na kitufe kimfikishe kwenye pakiti hiyohiyo, si kwenye ukurasa wa mwanzo wa duka.

Ya tatu, siku ya tano, imwondolee hofu: nauli ya mzigo hadi Dar es Salaam ni kiasi gani, unafika lini, analipaje kwa simu. Ya nne imkumbushe kwamba punguzo linaisha kesho. Mistari mitatu inatosha, ila tarehe iwe ya kweli. Namba ikiendelea kukubali wiki ijayo, umemfundisha mteja kutokukuamini.

Aliyenunua baada ya barua ya pili asipate ya tatu wala ya nne. Weka sharti hilo kwenye mfumo: akinunua, anatoka. Habari za babu atumiwe mzigo ukishafika, kikombe kikiwa mkononi.

Usipime kwa idadi ya waliofungua. Tangu Septemba 2021, programu ya barua ya Apple huweza kupakua picha mapema kwa waliowasha kinga ya faragha, na barua ambayo haijaguswa ikahesabiwa imefunguliwa. Tazama waliobofya na walionunua. Wengi wakibofya ya pili bila kununua, kasoro iko baada ya barua: pengine nauli inawashtua wanapofika kulipa, na hilo halitibiwi kwa kuandika upya. Wasipobofya kabisa, badilisha pendekezo lako. Gusa barua hiyo moja tu, nyingine ziache kama zilivyo, la sivyo hutajua ni ipi iliyoleta mauzo.