Begi la Bibi na Begi la Anayemuuguza

Saa nne usiku, pale mapokezi, nesi alituuliza swali moja tu: "Bibi yenu anatumia dawa gani?"

"Za presha na za sukari, dada," mama mdogo akajibu.

"Zinaitwaje?"

Tukatazamana. "Vile vidonge vyeupe," mama mdogo akasema. Nesi akaweka kalamu chini. Vidonge vyeupe viko vya aina nyingi mno.

Tulikuwa tumebeba kanga sita, chupa mbili za chai na mto. Dawa zilibaki nyumbani, kwenye kopo la biskuti juu ya kabati. Ilibidi binamu yangu arudi na bodaboda kulifuata. Nesi alipomwaga kopo mezani tuliona metformini na glibenklamidi za sukari, amlodipini na losatani za presha, na chini kabisa bahasha ndogo ya kaki. Ndani yake mlikuwa na diklofenaki ya maumivu ya goti, ambayo bibi aliinunua mwenyewe duka la dawa. Hakuna aliyejua, hata mama mdogo anayeishi naye.

Ile bahasha ndiyo iliyobadilisha matibabu. Bibi alikuwa ameharisha na kutapika siku mbili, mwili umekauka maji. Daktari alitueleza kwamba diklofenaki ikikutana na losatani ndani ya mwili uliokauka, figo hubanwa hadi zinaweza kushindwa kazi, na figo za mtu wa miaka 76 hazina nguvu ya akiba. Akasimamisha zote mbili palepale. Akasimamisha pia dawa za sukari mpaka majibu ya figo yatoke, kwa kuwa bibi alikuwa hali chakula. Kama binamu angeleta paketi za presha na sukari peke yake, goti lisingetajwa.

Kwa hiyo unapomfungia mzee begi, anza na dawa, na chukua zote katika paketi zake zenyewe. Usivimimine vidonge kwenye chupa moja, maana jina na nguvu ya dawa vimeandikwa kwenye paketi. Chukua matone ya macho, dawa ya kuvuta ya pumu, dawa za maumivu, na hata mizizi au unga wa majani anaokunywa na uji. Muulize mzee kwa upole, na ikibidi muulize faraghani, kwa sababu wengi huona aibu kutaja dawa walizojinunulia au kupewa na jirani.

Pamoja na dawa weka karatasi moja. Kila dawa ipate mstari wake: jina, miligramu, vidonge vingapi, wakati gani, na mara ya mwisho aliimeza lini. Mfano: "Amlodipini, mg 10, kimoja asubuhi, mara ya mwisho leo saa moja asubuhi." Neno "asubuhi" usiliache, maana nesi anaandika faili kwa saa za hospitali, na saa moja yako kwake ni saa 7:00. Juu ya karatasi, kwa herufi kubwa, andika dawa inayomdhuru kama ipo, na ilimfanya nini: alivimba uso, au alitoka vipele. Mwenye insulini abebe ile anayotumia sasa, isipigwe jua wala kugusana na barafu, kwa sababu insulini iliyoganda haifai tena hata ikiyeyuka.

Dawa hizo ni za kuonyesha. Hapa ndipo tulipokosea mara ya pili. Kesho yake jioni mama mdogo aliona bibi hajapewa kidonge cha sukari, akadhani manesi wamesahau, akampa glibenklamidi kutoka kwenye kopo. Saa nane usiku bibi alilowa jasho, akawa anamwita marehemu mumewe. Nesi alimchoma kidoleni: sukari 2.8. Ikishuka chini ya 4 kwa mtu wa dawa za sukari, ni kuchukua hatua. Walimwekea maji ya sukari kwenye mshipa na kumpima mara kwa mara hadi kesho yake mchana, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa figo zikiwa dhaifu, na sukari inaweza kupanda kisha ikashuka tena. Kwa mzee dalili zinaweza kuwa usingizi mzito tu au maneno yasiyoeleweka, na watu wakasema ni uzee. Ukiona hivyo mwite nesi papo hapo. Na nesi akishaziandika dawa zako, mkabidhi au zirudishe nyumbani. Ukiona dawa imekosekana, uliza.

Vyeti havina maneno mengi. Weka kwenye bahasha ya plastiki kitambulisho cha taifa, kadi ya bima, barua ya rufaa kama ipo, kadi ya kliniki na karatasi aliyopewa mara ya mwisho aliporuhusiwa kutoka hospitali, pamoja na picha za eksirei za karibuni. Kabla ya siku ya shida, linganisha jina lililo kwenye kadi ya bima na lile la kitambulisho. Herufi moja iliyopishana inaweza kukusimamisha dirishani wakati mgonjwa yuko kwenye machela. Toa nakala mbili za kila kimoja, na dhahabu za bibi ziache nyumbani.

Vitu vya mwilini mwake watu huvidharau, navyo ndivyo vinavyomshikilia mzee asipotee akili. Wodi ngeni, taa za usiku na ugonjwa vinaweza kumchanganya mzee ambaye nyumbani yuko timamu kabisa. Asipoona na asiposikia, mkanganyiko huzidi. Miwani, kifaa cha kusikia na betri zake viwe kwenye begi, na meno ya bandia yawe na kopo lenye mfuniko na jina, kwani yakifungwa kwenye tishu hutupwa na mfagizi. Beba fimbo yake aliyoizoea, na ndala za mpira zenye mkanda wa nyuma, maana wazee wengi huanguka njiani kwenda msalani. Ongeza kanga au shuka mbili, gauni la kufungua mbele ili sindano na vipimo visimsumbue, nepi za watu wazima, beseni, sabuni, kikombe na kijiko.

Anayeuguza awe na begi lake, lisichanganywe na la mgonjwa, kwa sababu zamu zinabadilika na begi linaondoka na mwenyewe. Mkeka, sweta, chaja, chakula kisichochacha, na dawa zake mwenyewe: mama mdogo ana presha pia, na siku mbili zile hakumeza kidonge hata kimoja. Hela ziwe noti ndogondogo, kwa ajili ya kipimo au dawa ya kununua usiku. Namba za simu za ndugu ziandikwe kwenye karatasi, simu ikizima zibaki.

Weka na daftari. Kwenye raundi ya asubuhi daktari huongea dakika chache, na anayekuja zamu ya jioni hakuwepo. Andika alichosema, kipimo kinachosubiriwa, na bibi amekula nini na amekojoa mara ngapi.

Siku bibi aliporuhusiwa, daftari hilo ndilo tulilolifungua mbele ya daktari pamoja na lile kopo. Tulitoa paketi moja moja: hii anaendelea, hii imepunguzwa, hii basi. Glibenklamidi na diklofenaki tuliziacha dirisha la dawa, na kopo likarudi nyumbani na paketi tatu.