Mkopo mmoja, mishahara miwili: nani alipe kiasi gani?

Benki ikishaidhinisha mkopo wa pamoja, hukata rejesho moja kila mwezi. Namna wakopaji wenyewe watakavyochangia rejesho hilo si kazi yake, na wengi huishia kugawana nusu kwa nusu kwa sababu hesabu yake haihitaji hata karatasi. Kwa wawili wenye kipato kinachokaribiana, nusu kwa nusu haina ubaya. Kipato kikipishana sana, nusu ile ile humwacha mmoja akipumua na mwenzake akiishi kwa kukopa tena.

Tuchukue mke na mume wa Dar es Salaam, wote waajiriwa wa sekta binafsi, waliokopa shilingi milioni 60 kununua nyumba. Riba ni asilimia 15 kwa mwaka, inayokokotolewa kwa salio, na muda ni miaka 10. Rejesho lao ni shilingi 968,010 kila mwezi, miezi 120. Mke ana mshahara ghafi wa shilingi milioni 2, mume milioni 1.2.

Hapo linakuja swali ambalo wengi hulipita: kipato kipi ndicho kipimo? Wengine hushika ule mshahara wa kwenye barua ya ajira, kwa kuwa ndio unaotajwa mbele ya afisa mikopo. Lakini rejesho halilipwi kwa barua ya ajira, linalipwa kwa fedha iliyofika. Mke akishakatwa kodi ya mapato na mchango wa NSSF hubakiwa na 1,432,000. Mume naye anakatwa hivyo hivyo, na juu yake Bodi ya Mikopo ya wanafunzi inachukua asilimia 15 ya mshahara wake kufidia masomo ya chuo kikuu. Anabaki na 748,000.

Sasa hesabu yenyewe, ambayo kikokotoo cha simu kinaitosha. Jumlisha vipato viwili vilivyofika: 2,180,000. Gawanya rejesho kwa jumla hiyo, yaani 968,010 kwa 2,180,000, upate takriban 0.444. Maana yake, katika kila shilingi 100 inayoingia kwa yeyote kati yao, shilingi 44 na senti 40 zinakwenda kwenye nyumba. Mke anachangia takriban 635,870 na mume 332,140. Viwango ni tofauti, lakini uzito ni ule ule, kwa kuwa kila mmoja ametoa sehemu ileile ya alichonacho. Katika matumizi ya kila siku ni vyema fungu la mmoja likazungushwa na mwenzake akamalizia. Mume alipe 332,000 kamili na mke 636,010, ili jumla isipungue hata shilingi moja. Upungufu mdogo kwenye akaunti siku ya makato unaweza kuandikwa kuwa rejesho halikutimia, na adhabu ikafuata.

Angalia mume angebaki na nini kwa njia nyingine. Kwa nusu kwa nusu, kila mmoja akitoa 484,005, mume angebaki na takriban 264,000 za chakula, nauli na mambo ya kwao, wakati mke anabaki na 948,000. Kwa uwiano wa mishahara ghafi, mume angetoa 363,000 na kubaki na 385,000. Kwa uwiano wa fedha iliyofika, anabaki na takriban 416,000. Tofauti ya hizo mbili za mwisho yaonekana ndogo, ila kuna mstari unaopita katikati yake. Watumishi wa umma Tanzania wanaijua kanuni ya theluthi moja, kwamba baada ya makato yote mtu asibakiwe na chini ya theluthi ya mshahara wake. Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 nayo inazuia jumla ya makato kupita theluthi mbili. Mume wetu si mtumishi wa umma, lakini kipimo hicho ni kizuri kwa yeyote. Theluthi ya mshahara wake ni 400,000. Kati ya njia tatu, ni moja tu inayomwacha juu ya mstari huo.

Kwa mwenye duka au fundi, ambaye hana siku ya mshahara, kipato cha kuingiza kwenye hesabu ni faida na si mauzo, tena wastani wa miezi 12. Atakayechukua mwezi wa Ramadhani au Desemba pekee kama kipimo atajikuta amejitwisha fungu ambalo mwezi wa Februari hauliwezi. Posho za safari na malipo ya saa za ziada ziachwe nje, isipokuwa zinakuja kila mwezi bila kukosa.

Uwiano huu hauna budi kupitiwa upya, maana vipato haviendi sambamba. Tuseme baada ya miaka miwili mume amemaliza deni la Bodi ya Mikopo, na mshahara unaofika umepanda hadi 928,000. Jumla ya wawili sasa ni 2,360,000, na kila shilingi 100 inatoa 41. Fungu la mume linapanda hadi takriban 380,640, la mke linashuka hadi 587,370. Katika zile 180,000 alizopata, mume ametoa 48,500 na kubaki na 131,500. Nimesikia watu wakilalamika kwamba mpango wa namna hii unamwadhibu anayepandishwa cheo. Hesabu haisemi hivyo, kwa sababu sehemu kubwa ya nyongeza imebaki mfukoni mwake. Kinachoudhi kwa kweli ni kubadilisha kila mwezi, hadi watu wanaanza kufichana salari slipu. Mara moja kwa mwaka inatosha, na katikati ya mwaka pale tu mmoja anapopoteza kazi, anapojifungua au anapobadili mwajiri.

Mmoja akipoteza kazi, uwiano wa kipato unamwambia alipe sifuri. Benki haisemi hivyo. Mkataba wa mkopo wa pamoja kwa kawaida unamfanya kila mkopaji awe mdaiwa wa deni zima, na benki inaweza kumfuata yeyote kwa kiasi chote. Zile asilimia 66 na 34 zinaishia mlangoni kwenu. Kwa mke wetu, mwezi ambao mume hana kitu una maana ya 968,010 kutoka kwenye 1,432,000, na kubaki na 464,000 za kulisha nyumba nzima. Kabla ya kusaini, kila mmoja ajiulize kama anaweza kubeba rejesho zima peke yake kwa miezi mitatu. Akiona hawezi, mkopo ule ni mkubwa kuliko wanavyodhani.

Na mkikosana juu ya nani alipe kiasi gani? Sheria ya Mikataba ya Tanzania, Sura ya 345, inasema walioahidi kwa pamoja wanaweza kudaiana michango iliyo sawa, isipokuwa mkataba uonyeshe nia tofauti. Yaani usipoandika kitu, nusu kwa nusu inarudi yenyewe. Mke aliyelipa 635,870 kila mwezi kwa makubaliano ya mdomo anaweza kusimama mahakamani akidai sehemu iliyozidi nusu, na mume akakosa karatasi ya kuonyesha kwamba walikubaliana vingine. Kwa hiyo makubaliano ya uwiano yaandikwe, hata ukurasa mmoja: kipato kilichotumika, fungu la kila mmoja, tarehe ya kupitia upya, na kama mmoja akibebwa wakati wa shida, kiasi hicho ni deni au ni msaada. Kipengele hicho cha mwisho ndicho watu huona haya kukizungumza wakati mambo ni mazuri, na ndicho kinachoombwa na mawakili mambo yakiharibika.

Lipo pia jambo ambalo halionekani kwenye rejesho. Mwezi wa kwanza, katika zile 968,010, riba ni 750,000 na 218,010 tu ndizo zinazopunguza deni. Baada ya miaka miwili wawili hawa wamelipa zaidi ya milioni 23.2, lakini salio bado liko karibu na milioni 53.9. Deni limepungua kwa milioni 6 na kitu. Mume ametoa karibu milioni 8 katika muda huo. Wakiachana na yeye akasema arudishiwe milioni zake 8 kutoka kwenye nyumba, anadai fedha ambayo nyingi yake ilishakwenda benki kama riba. Sehemu yake katika deni lililopungua ni milioni 2 na ushei. Anayetaka kutunza kumbukumbu kwa uadilifu aombe benki taarifa ya mkopo inayotenganisha riba na deni la msingi, na agawe safu hizo mbili kila moja peke yake.

Wala asilimia ya kulipa si asilimia ya kumiliki. Chini ya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, mali iliyonunuliwa kwa majina ya mume na mke kwa pamoja inachukuliwa kuwa ni yao sawa kwa sawa hadi ithibitishwe vingine. Na tangu Mahakama ya Rufani ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu mwaka 1983, kazi za nyumbani zinahesabika kuwa mchango katika kupatikana kwa mali ya ndoa. Mke anayelea watoto na kupokea mshahara mdogo anaweza kulipa asilimia 20 ya rejesho na bado akapewa zaidi ya asilimia 20 ya nyumba. Upande mwingine, ndugu wawili wanaokopa pamoja hawana kinga ya sheria ya ndoa. Wao waseme tangu mwanzo, kwenye maombi ya hati, kila mmoja ana hisa kiasi gani, na waamue kama hisa hizo zinafuata fungu la kila mwezi au hapana. Dada anayelipa theluthi mbili kwa kuwa anapata zaidi huenda anamsaidia mdogo wake, au huenda ananunua theluthi mbili za nyumba. Yote mawili ni halali, lakini hayaandikwi kwa maneno yale yale.

Kuhusu namna ya kulipa, wawili wetu wangefanya vyema kufungua akaunti ya pamoja na kuacha agizo la kudumu benki, mafungu yote yaingie siku mbili tatu kabla ya makato. Rejesho likitoka kwenye mshahara wa mke peke yake, huku mume akimtumia fungu lake kwa simu, ada za kutuma zitamlia taratibu, na taarifa ya benki itaonyesha jina moja tu la aliyelipa. Miaka saba baadaye, mume atakuwa na meseji za M-Pesa alizofuta zamani kubadilisha simu, na mke atakuwa na taarifa ya miezi 84 yenye mhuri wa benki.