Vipenyo viwili vya bolti ya M10

Bolti yenye alama ya M10, isiyofuatwa na namba nyingine, ina meno ya kawaida ya kimetriki, yaani yale mapana. Namba 10 ni kipenyo chake kikubwa kwa milimita, kutoka ncha ya jino hadi ncha ya upande wa pili. Umbali kati ya jino na jino, unaoitwa hatua, haukuandikwa, kwa hiyo husomwa kwenye jedwali: kwa M10 ni milimita 1.5. Ikiandikwa M10×1.25, hayo ni meno membamba na hesabu hubadilika.

Namba hizo mbili zatosha kupata vipimo vilivyobaki, kwa sababu umbo la jino la kimetriki halibadiliki: ni pembetatu ya nyuzi 60, iliyokatwa ncha.

Kipenyo cha kati hupita mahali ambapo unene wa jino na upana wa bonde ni sawa. Hupatikana kwa kuzidisha hatua kwa 0.6495, kisha kutoa jibu kwenye kipenyo kikubwa. Kwa M10, 1.5 mara 0.6495 ni 0.974, hivyo kinabaki 9.026. Hiki ndicho kipimo chenye uzito kuliko vyote, maana bolti na nati hukutana kwenye mbavu za meno, wala si kwenye ncha.

Kipenyo kidogo, kinachopimwa chini ya mabonde, ndicho kinachowachanganya wengi, kwa kuwa vitabu hutoa namba mbili. Kanuni ya kwanza hutumia 1.0825:

```
10 − 1.0825 × 1.5 = 8.376
```

Hicho ni kipimo cha msingi, na ndicho kinachohusu tundu la nati. Bonde la bolti yenyewe hushuka zaidi na kuviringwa chini, ili chuma kisipasuke kuanzia kwenye kona kali. Kwa bolti, basi, hutumika 1.2269:

```
10 − 1.2269 × 1.5 = 8.160
```

Tofauti hiyo ya milimita 0.216 huonekana kwenye mashine ya kukereza. Kina cha jino ni nusu ya 10 kutoa 8.160, yaani 0.92. Fundi akitumia 8.376 atasimama kwenye 0.81, na kwa kisu chenye ncha iliyoviringwa sawasawa, meno yatabaki manene na nati itakwama mizunguko ya mwanzo tu.

Majibu haya ni ya umbo kamili la mchoro. Bolti halisi hukatwa ndogo kidogo ili nati ipite: kwa daraja la kawaida la 6g, kipenyo cha kati cha M10 huwa kati ya 8.862 na 8.994. Kalipa ya kawaida haiwezi kukipima. Hutumika maikromita ya meno, au waya tatu zilizolazwa mabondeni.