Soko Ndani ya Darasa

Mwaka 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kiwe somo la lazima katika shule za msingi na sekondari. Kwa mwanafunzi aliyekulia kwenye Kiganda, igizo la sokoni ni njia nzuri ya kukizoea, ilimradi mwalimu asiwaandikie wanafunzi mazungumzo yote. Wakipewa yote watakariri tu, na anayekariri hana haja ya kumsikiliza mwenzake.

Dawa yake ni siri. Kadi ya muuzaji inasema: fungu la nyanya ni shilingi 3,000, usishuke chini ya 2,000, vitunguu vimekwisha. Ya mnunuzi inasema: una shilingi 5,000, unataka mafungu mawili ya nyanya na vitunguu. Hakuna anayeona kadi ya mwenzake. Kwa bei ya kwanza fedha hazitoshi, kwa hiyo lazima mnunuzi aombe kupunguziwa, kisha aamue la kufanya kuhusu vitunguu.

Katika kipindi cha dakika 40, kumi za mwanzo zatosha kwa maneno machache: “Fungu bei gani?”, “Nipunguzie”, “Yamebaki mangapi?” Dakika kama 15 ni za soko lenyewe, wawili wawili, kisha wanabadilishana nafasi kwa kadi mpya. Mwalimu anapita akiandika makosa bila kumkatiza mtu. Atayasahihisha ubaoni mwishoni.

Kiganda kikianza kusikika kila kona, mara nyingi tatizo si uvivu: kadi inadai maneno ambayo hayakufundishwa.