"Umeniuzia Feki": Muuzaji Anajibuje?

Ujumbe wa namna hii hauji na salamu. "Kaka, hii simu ni feki, fundi ameiangalia. Nirudishie hela yangu." Aliyeupokea ni mtu wa Dar es Salaam aliyemuuzia dada mmoja wa Morogoro Samsung Galaxy A54 iliyotumika, akampakilia kwenye basi. Haraka yake ya kwanza ni kuwaka, au kuapa kwa Mungu kwamba simu ni orijino. Lakini dada hajaomba kiapo. Anachotaka kujua ni simu hiyo ilitoka wapi, na kama kuna njia ya kulithibitisha hilo bila kumtegemea muuzaji mwenyewe.

Mfano huu ni wa kubuni, ila mazingira yake wauza simu wanayajua vizuri. Tumfuate muuzaji hatua kwa hatua.

Kabla ya kutafuta risiti, anapaswa kuuliza swali moja: simu inayolalamikiwa ndiyo ile aliyoiuza? Mzigo umepita mikono kadhaa. Umepokewa kituoni, umelala kwa ndugu, umefunguliwa na fundi. Kwa hiyo anamwomba mnunuzi abonyeze `*#06#` na kutuma picha ya kitakachotokea kwenye kioo. Zitatokea namba za IMEI zenye tarakimu 15, moja kwa kila laini kwa simu ya laini mbili. Zikiwa tofauti na zile alizoziandika siku ya kuuza, mazungumzo yanabadilika kabisa.

Namba hiyo haiandikwi ovyo. Tarakimu 8 za mwanzo zinataja aina ya simu, 6 zinazofuata ni za simu hiyo peke yake, na ya mwisho ni ya kuhakiki hizo nyingine. Chukua 490154203237518, namba inayotumika sana kufundishia. Iache ile 8 ya mwisho. Katika 14 zilizobaki, zidisha kwa mbili tarakimu ya pili, ya nne, ya sita na kuendelea hivyo hadi ya 14. Jibu likifika kumi au zaidi, jumlisha tarakimu zake. Hizo zinaleta 30. Ambazo hazikuzidishwa zinaleta 22. Jumla ni 52, na ili kufika 60 inahitajika 8, ambayo ndiyo iliyoko mwishoni. IMEI iliyotungwa kichwani mara nyingi hukwama hapa.

Nchini Tanzania kuna njia nyepesi zaidi: unatuma IMEI kwa ujumbe mfupi kwenda 15090, na jibu linakuja na aina ya simu inayotambulika kwa namba hiyo. Huduma hii ilizoeleka wakati TCRA ilipozima simu bandia Juni 16, 2016. Kenya ilikuwa imefanya kama hivyo mwaka 2012. Hata hivyo jibu zuri kutoka 15090 halimalizi kesi, kwa sababu watengeneza simu bandia hunakili IMEI za simu halali. Ndiyo maana muuzaji mwangalifu haibandiki IMEI nzima kwenye tangazo lake. Anaficha tarakimu kadhaa, kisha anampa mnunuzi namba kamili faragha.

Hapo nyaraka zinaingia. Muuzaji wetu aliinunua simu ikiwa mpya Kariakoo mwaka 2023, na bado ana boksi, karatasi ya waranti na risiti ya EFD. Risiti anaitegemea zaidi, lakini peke yake ina pengo: mara nyingi kwenye maelezo ya bidhaa huandikwa "simu" tu. Inathibitisha kwamba siku fulani, duka lenye TIN fulani liliuza simu kwa bei fulani. Haisemi ni simu ipi. Kiungo ni karatasi ya waranti, ambako muuza duka aliandika IMEI kwa mkono, akagonga muhuri na kuweka tarehe ileile ya risiti. Lebo ya boksi nayo ina IMEI hiyo na namba ya modeli, SM-A546E. Namba moja ikipita kwenye simu, boksi na waranti, na tarehe moja ikaunganisha waranti na risiti, mnyororo umekamilika.

Risiti yenyewe nayo inaweza kughushiwa, kwa hiyo mnunuzi apewe nafasi ya kuihakiki. Ana njia mbili: kuskani alama ya QR iliyo chini ya risiti, au kuingia `verify.tra.go.tz` na kuandika namba ya uhakiki pamoja na muda wa risiti. Maelezo yanayotokea yanapaswa kufanana na yaliyo kwenye karatasi. Maandishi ya risiti hizi hufifia haraka, na aliyeipiga picha siku ya kununua ndiye aliye salama.

Kuhusu picha za ziada, wingi si hoja. Picha kumi za simu inayong'aa mezani hazithibitishi kitu. Inayofaa zaidi ni ile aliyoipiga kabla ya kufunga mzigo: simu ikiwa imewashwa na IMEI ikionekana, lebo ya boksi kando yake, risiti na waranti chini yake, vyote katika fremu moja. Aitume WhatsApp kama faili, kwa sababu ikitumwa kama picha ya kawaida, tarehe na taarifa nyingine zilizohifadhiwa ndani yake huondolewa.

Jibu lake linaweza kuwa fupi hivi: "Dada, pole sana kwa usumbufu. Simu hii niliinunua mpya Kariakoo mwaka 2023. Nakutumia risiti, waranti yenye IMEI na picha niliyoipiga kabla ya kuituma. Naomba ubonyeze *#06# unitumie picha tulinganishe. Pia muulize fundi ni kitu gani hasa alichoona ni feki. Ukitaka picha nyingine yoyote, niambie."

Sentensi ya kumuuliza fundi ndiyo inayofungua fundo. Namba zinalingana, risiti inasoma. Dada anabonyeza `*#0*#`, na menyu ya majaribio ya Samsung inafunguka, jambo ambalo simu bandia nyingi hushindwa. Ila fundi anasema alama ya kidole haisomi, na rangi nyeusi inaonekana kama kijivu. A54 hutoka kiwandani na kioo cha AMOLED chenye kisomaji cha kidole chini yake. Kioo cha kopi cha LCD hakipitishi mwanga ipasavyo, hivyo kisomaji hakifanyi kazi.

Muuzaji anakumbuka: kioo kilipasuka mwaka jana, akakibadilisha kwa fundi wa mtaani, na kwenye tangazo hakulisema hilo.

Simu ni halali, kioo ni kopi. Nyaraka zote zilikuwa za kweli na bado hazikujibu lalamiko, kwa sababu risiti ya 2023 haiwezi kueleza kilichobadilishwa baadaye. Kilichobaki ni mapatano: arudishiwe pesa zote na simu irejeshwe kwa gharama ya muuzaji, au abaki nayo na kurudishiwa gharama ya kioo orijino. Dada anachagua la pili, na safari hii anaomba risiti ya kioo pia.