Ofisi Iliyohama au Kampuni Iliyohama?

"Ofisi ya kampuni iliyohamia Mwenge itafungwa Ijumaa." Tangazo la namna hii likifika kwa msomaji wa prufu, jicho linaweza kulipita bila kusimama. Tahajia ni sahihi, upatanisho ni sahihi, na nukta ipo mahali pake. Mteja ndiye anayekwama. Je, ofisi hiyo moja ndiyo iliyohamia Mwenge, na kampuni ina ofisi nyingine? Au kampuni yote imehama, na kinachofungwa ni ofisi yake mojawapo, popote ilipo?

Kwa kawaida Kiswahili hutukinga na utata huu, kwa sababu kirejeshi hufuata ngeli ya nomino yake. Ukisema "mlango wa duka uliovunjwa", kilichovunjwa ni mlango. Ukisema "mlango wa duka lililovunjwa", ni duka. Kinga hiyo hutoweka pale nomino mbili zinazofuatana zinapokuwa za ngeli moja na idadi moja, na lugha ya matangazo imejaa nomino za ngeli ya I-ZI: ofisi, kampuni, kamati, fomu, ada, risiti, benki, barua, semina. Watu nao wote huingia A-WA, awe mzazi, mwanafunzi, mwenyekiti au mgeni. Ndiyo maana naamini matangazo ya ofisini yanahitaji jicho kali kuliko hata hadithi.

Kipimo ninachokiamini ni kubadilisha nomino moja kwa nyingine ya ngeli tofauti. Weka "jengo" mahali pa "ofisi": sasa unalazimika kuandika ama "jengo la kampuni lililohamia" ama "jengo la kampuni iliyohamia". Ukisita kuchagua, umeupata utata. Jengo halihami, ni kweli, lakini hapa tunapima sarufi tu.

Si kila sentensi inayoshindwa kipimo hiki iguswe. "Watoto wa wakulima wanaonyonya" ina maana mbili kisarufi, ila hakuna msomaji atakayedhani wakulima ndio wanaonyonya. Kinachostahili alama pembeni ni pale maana zote mbili zinapowezekana na kila moja inamtuma mtu mahali tofauti.

Tuchukue tangazo la shule: "Wazazi wa wanafunzi ambao hawakupewa fomu za afya siku ya Jumatatu watazipata kwa mwalimu wa zamu."

Kirejeshi "ambao" kinaweza kushika wazazi au wanafunzi. Kisha kuna "siku ya Jumatatu", kirai kilichokaa katikati ya vitenzi viwili. Kikivutwa nyuma, fomu zilikosekana Jumatatu iliyopita. Kikivutwa mbele, fomu zitatolewa Jumatatu ijayo. Mzazi mmoja atakuja leo, mwingine atangoja wiki nzima, na kila mmoja ana haki ya kusema amefuata tangazo.

Wahariri wengi hapa hukimbilia mkato. Ukiuweka baada ya "afya", Jumatatu inakwenda na "watazipata". Ukiuweka baada ya "Jumatatu", inakwenda na "hawakupewa". Kwenye karatasi unaweza kutosha kwa upande wa siku, ingawa swali la "ambao" linabaki palepale. Lakini matangazo mengi husomwa kwa sauti, kanisani, msikitini au kwenye mkutano wa kijiji, na msomaji huvuta pumzi anapotaka. Mkato hausikiki. Dawa inayodumu ni kuhamisha kirai cha wakati kiwe mwanzo wa sentensi, mbali na kitenzi kisichohusika, na kuvunja sentensi ili kirejeshi kibaki na nomino moja tu nyuma yake.

Kabla ya kuhamisha chochote, msomaji wa prufu hana budi kuuliza. Hata kama anahisi anaijua maana, tangazo si lake, na akichagua vibaya atakuwa amegeuza utata kuwa kosa ambalo halitaonekana tena. Swali la pembeni liandike maana zote waziwazi, kwa sababu mwandishi ambaye tayari anajua alichokusudia haoni maana ya pili mpaka aonyeshwe. "Haieleweki" haimsaidii. Andika hivi: "Nani hakupewa fomu, mzazi au mwanafunzi? Jumatatu ni siku waliyokosa fomu au siku ya kuzichukua?"

Tuseme katibu wa shule anajibu kwamba wanafunzi ndio waliokosa, na fomu zitatolewa Jumatatu ijayo kwa wazazi wao. Tangazo linakuwa: "Jumatatu ijayo, mwalimu wa zamu atatoa fomu za afya. Kuna wanafunzi ambao hawakupewa fomu hizo. Wazazi wao waje kuzichukua." Ni sentensi tatu badala ya moja, na katibu anaweza kulalamikia nafasi ubaoni. Nafasi ikibana kweli, ongeza tarehe baada ya "Jumatatu ijayo" na upunguze mahali pengine, kwa maana hata "ijayo" ina shida yake tangazo likibaki ukutani wiki mbili.