Ziwa George: Mchana Matabaka, Usiku Maji Mamoja

Ziwa George, magharibi mwa Uganda, liko kwenye ikweta, na kina chake cha wastani ni kama mita mbili na nusu tu. Maji mafupi kiasi hicho mtu angedhani huchanganyika muda wote. Lakini siku ya jua na upepo mdogo hujitenga matabaka, na usiku huungana tena. Watafiti wa Mpango wa Kimataifa wa Biolojia, akiwamo G. G. Ganf, walilipima mchana na usiku mwishoni mwa miaka ya 1960. Asubuhi walikuta maji yana nyuzi 25 hivi za Selsiasi tangu juu hadi chini. Alasiri ya utulivu, maji ya juu yaliweza kufika nyuzi 35, huku ya chini yakibaki karibu na pale pale.

Siri iko kwenye uzito. Maji yakipata joto huwa mepesi, ila wepesi huo hauongezeki sawasawa. Yakitoka nyuzi 5 hadi 10, kila lita hupungua uzito kwa kama gramu 0.26. Yakitoka nyuzi 25 hadi 30, hupungua gramu 1.4, mara tano zaidi, ingawa nyuzi zilizoongezeka ni zile zile tano. Ndiyo maana katika nchi zetu tofauti ndogo ya joto, ambayo kwenye ziwa la Ulaya wakati wa baridi isingezuia chochote, inatosha kuyafanya maji mepesi yaelee juu ya mazito, na upepo wa kawaida ukashindwa kuyachanganya.

Sasa tazama oksijeni. Ziwa George ni la kijani kibichi, limejaa mwani wa kijani-bluu, na mwanga hauvuki sana nusu mita ya kwanza. Humo mwani hutengeneza oksijeni kwa kasi kubwa kuliko inavyoweza kutoroka hewani, hata ikazidi mara mbili ya kiasi ambacho maji yangeshika kwa kawaida. Chini, gizani, hakuna kinachotengenezwa. Bakteria, mwani wenyewe na tope la sakafuni huvuta tu. Na kwa kuwa matabaka yamefungana, utajiri wa juu haushuki kuwafikia walio chini.

Jua likizama, uso wa ziwa hupoteza joto, hasa kwa maji kugeuka mvuke. Maji yaliyopoa huwa mazito, huzama, na kusukuma juu yale yaliyo chini, mpaka ziwa zima linakuwa la joto moja. Tufanye hesabu ya mfano. Ziwa lina kina cha mita 2.4. Sentimita 70 za juu zina miligramu 14 za oksijeni kwa lita, na mita 1.7 za chini zina miligramu 3. Zikichanganyika, kila lita inabaki na miligramu 6 na ushee. Usiku hakuna uzalishaji. Vikivutwa miligramu 0.3 kila saa kwa saa kumi na mbili, alfajiri zimebaki 2.6. Samaki wengi huanza kutaabika hapo, lakini jua likichomoza huanza kupata nafuu.

Hatari huja mdundo huu ukivurugwa. Siku za mawingu, mwani huzalisha kidogo huku uvutaji ukiendelea. Dhoruba ikipiga, hukoroga tope lililokaa bila oksijeni, na vitu vilivyomo huinyonya ile iliyosalia majini kwa muda mfupi. Ziwa George limewahi kupata vifo vingi vya samaki baada ya dhoruba ya namna hiyo. Maji hayo hayakuwa na sumu ya kiwandani. Yalikosa pumzi tu.

Kwa hiyo kipimo kimoja cha juu ya maji saa nane mchana kinaweza kumdanganya mtu kabisa, maana kinasoma kilele cha siku. Jambo hili linawahusu moja kwa moja wafugaji wa sato kwenye vizimba vya Ghuba la Winam, Kenya, ambako vifo vya ghafla vya samaki vimehusishwa na upungufu wa oksijeni. Samaki huru anaweza kuhamia maji bora. Aliyefungwa kizimbani hawezi. Kipimo cha maana ni cha saa kumi na moja alfajiri, kwenye kimo cha sakafu ya kizimba, kikifuatana na joto la juu na la chini. Joto likilingana, ziwa limekwisha kuchanganyika na kiasi unachosoma ndicho kilichobaki cha usiku mzima. Likitofautiana, oksijeni ya juu haisemi lolote kuhusu maji waliyomo samaki wa chini. Alama ya macho nayo ipo: samaki wakipanda kuvuta maji ya usoni kabla ya mapambazuko, kulisha kusitishwe asubuhi hiyo, kwa sababu kusaga chakula kunawaongezea haja ya oksijeni.